Mpangaji Aliyenipangisha Nyumba Yangu

Kamusi ya lugha mbili au ya lugha moja? Muulize mtu yeyote aliyewahi kushika chaki, atakujibu kabla hujamaliza swali, na atakujibu kwa ukali. Wa kambi ya kwanza atasema mgeni wa lugha asipopewa tafsiri hatoki hapo alipo. Wa kambi ya pili atasema tafsiri inalemaza akili, na kwamba anayetaka kujua lugha aifikirie kwa lugha hiyohiyo tangu siku ya kwanza. Hakuna hata mmoja atakayekuuliza unatafuta neno gani, unalitafutia nini, na tayari una maneno mangapi kichwani.

Mimi sina kambi. Nina nyumba Bagamoyo, nyumba ina chumba cha uani, chumba kina mpangaji, na mpangaji ana kamusi. Ndiyo maana nalalamika.

Mpangaji mwenyewe ni kijana wa Kiskoti aliyekuja kujifunza ngoma. Adabu anayo, tena ya kupitiliza: shikamoo anaitoa mpaka kwa watoto wa darasa la pili, na wale watoto wa siku hizi wanaipokea bila haya. Kiswahili anakipenda kwa dhati, na mapenzi hayo ndiyo yanayoniumiza kichwa, kwa sababu hakubali kusema nami Kiingereza hata tunapozungumzia hela.

Alifika na kijikamusi cha mfukoni, nusu Kiingereza kwa Kiswahili, nusu Kiswahili kwa Kiingereza. Nikamwambia tuandikishiane, mambo ya mdomo yana maneno. Akasema, "Mzee, niachie mimi, nitaandika mwenyewe." Kesho yake akaniletea karatasi safi, mwandiko mzuri, imeandikwa hivi: "Mimi mgeni ninampangisha Mzee chumba cha uani kwa miezi sita. Mzee atalipwa kila mwezi na atapangishwa kwa amani." Mama watoto aliisoma, akairudia, akaniuliza hiyo kodi nitaanza kumlipa lini, na kama tunahamia uani na makochi yote au tunaacha baadhi.

Nikachukua kile kijikamusi nione kosa limetokea wapi. Kumbe kijana hakukosea kutafuta. Kwa Kiingereza, anayelala chumbani na anayepokea kodi wote wanatumia kitenzi kimoja, wanatofautishwa na sentensi tu. Kwetu ni vitenzi viwili: mwenye kukaa anapanga, mwenye nyumba anapangisha. Kijikamusi kikafanya kile ambacho vijikamusi vyote hufanya vikibanwa nafasi: kikaandika panga, mkato, pangisha, mkato, kodi, mkato, kodisha, basi. Hakuna neno hata moja la kusema nani analipa nani. Kijana akatazama foleni ile ya maneno manne, akachagua lililoonekana refu na la heshima zaidi.

Huo ndio mtego mkubwa wa kamusi ya lugha mbili, na unamnasa anayeandika kuliko anayesoma. Ukisoma, sentensi yenyewe inakusaidia: ukikuta mtu "amepanga Kariakoo" utajua tu kwamba anakaa huko. Ukiandika, huna wa kukusaidia. Mbele yako kuna maneno manne, na ule mkato katikati yake unakudanganya kwamba yako sawasawa, chukua lolote. Hayako sawasawa. Mkato kwenye kamusi maana yake ni kwamba mwandishi wa kamusi anajua tofauti lakini karatasi imemwishia.

Dukani ikawa hivyohivyo. Alitumwa kilo mbili za mchele, akaenda akaomba kilo mbili za wali. Muuzaji akamjibu, "Kaka, hapa hatupiki." Akarudi kwenye kijikamusi, akachukua neno jingine katika foleni, akaomba mpunga. Akaambiwa huo aufuate mashambani Ruvu. Ukoloni wote ule Waingereza waliokaa hapa, na bado kilichoko shambani, kilichoko guniani na kilichoko sahanini wanakiita jina moja! Sisi tuna majina matatu, na ukiteleza moja unaonekana umechanganyikiwa na njaa.

Hapo ndipo jirani yangu, mwalimu mstaafu, akajitosa. Huyu ni wa kambi ya pili, na hajabadilisha kambi tangu chuo cha ualimu. "Jirani," akaniambia huku anakisukuma kile kijikamusi kwa kidole kimoja, "hiki ndicho kinachomharibu mtoto wa watu. Mpe kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, aache kutafsiri." Akaenda kwake, akarudi na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ileile nene iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981. Kijana akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nikajua amani imekwisha.

Nataka niwe mkweli kuhusu hoja ya Mwalimu, kwa sababu si ya kijinga. Kamusi ya lugha moja kwa ajili ya wanafunzi ni jambo lililojaribiwa na likafanya kazi. Michael West, aliyefundisha Kiingereza Bengali, alitoa pamoja na James Endicott kamusi ya wageni mwaka 1935, na fasili zote ndani yake ziliandikwa kwa maneno 1,490 tu. Ukishayajua hayo, kamusi nzima inafunguka. A. S. Hornby naye alifundisha Japani, akaona wanafunzi wake wanajua maana za maneno lakini hawajui kuyaunga, akaandika na wenzake kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942. Chuo Kikuu cha Oxford kiliichapa upya mwaka 1948, na wajukuu wake ndio wale wanaouzwa mpaka leo. Longman walikuja mwaka 1978 na fasili za maneno kama 2,000. Cobuild ya Chuo Kikuu cha Birmingham, iliyosimamiwa na John Sinclair, ikatoka mwaka 1987 na mtindo wake wa kueleza neno kwa sentensi nzima, kama mtu anayezungumza nawe.

Hebu tuuchukue mtindo huo wa Birmingham tuutie Kiswahili, uone ungeniokoa vipi: "Ukipanga chumba, unamlipa mwenyewe ili ukae humo. Ukimpangisha mtu chumba, yeye ndiye anayekulipa wewe." Sentensi mbili tu. Makochi yangu yasingetikisika.

Sasa tatizo la Mwalimu ni kwamba alichukua sifa za kamusi hizo akaivika kamusi nyingine. Mwaka huohuo wa 1935 Kiswahili nacho kilipata kamusi ya lugha moja, kazi ya Frederick Johnson, katibu wa ile kamati iliyokuwa inasanifisha lugha yetu. Lakini iliwaeleza Waswahili maneno yao. Ya mwaka 1981 ni hivyo, na Kamusi Kuu ya Bakita ya mwaka 2015 ni hivyo. Zote zimeandikwa kwa ajili ya wenyeji, na ni hazina. Mwenyeji anapofungua kamusi tayari anajua kiti ni nini na hawezi kusema "kiti amevunjika" hata akiamshwa usiku wa manane. Anatafuta neno alilokutana nalo kwenye shairi, au anataka kumshinda shemeji yake kwenye ubishi. Fasili zinamtosha kwa sababu lugha anayo. Mgeni anafungua kamusi ileile akitafuta lugha yenyewe.

Na usije ukadhani dawa ni kumpa kamusi ya shule ya msingi, maadamu ni fupi na ina picha. Mtoto wa darasa la tatu anaongea Kiswahili kutwa nzima, asichokijua ni maana ya "bunge." Mskoti wangu bunge analijua vizuri kuliko mimi, asichokijua ni kama bunge "linaanza" au "inaanza." Kamusi ya mtoto na kamusi ya mgeni zinafanana urahisi wa sura tu.

Mtihani wa kwanza ulikuja na masika. Nilimwachia kikaratasi mlangoni: "Paa linavuja na kuta zimelowa. Fundi atapanda kesho asubuhi." Mtoto wa hapa angeelewa hata akisoma anakimbia. Jioni nikakuta majibu: "Pole sana Mzee. Mnyama yuko wapi? Nimeelewa tutakutana tukiwa tumelowa. Fundi atapanda nini kwenye mvua hii?"

Nilikasirika, kisha nikakaa naye barazani tukakipasua kile kikaratasi neno kwa neno, kamusi zote mbili mezani. Nakiri ndipo nilipoona Kiswahili kinavyomchezea mgeni.

Tulianza na paa. Kijikamusi chake kiliweka mnyama mbele: yule swala mdogo wa vichakani. Chini yake yakafuata maana nyingine, yeye akachukua ya juu. Kila anayeanza huchukua ya juu, kana kwamba kamusi imepanga maana kwa vyeo. Lakini jibu halikuwa kwenye kamusi, lilikuwa kwenye kikaratasi changu: *li*navuja. Angekuwa mnyama ningeandika *a*navuja, Mungu apishe mbali. Ile kamusi nene ya Mwalimu huandika ngeli kwenye mabano karibu na kila nomino, a-/wa- kwa mnyama, li-/ya- kwa paa la nyumba. Mabano yale mawili yanamaliza kesi kabla hujasoma fasili. Kijikamusi cha mfukoni kiliyaacha ili kipungue uzito, kikamwacha kijana na swala anayevuja.

Lakini tulipokwenda kwenye fasili yenyewe ya paa, ile ya lugha moja, nayo ikamgeuka. Huwezi kueleza paa kwa Kiswahili bila kugusa kuezeka. Akatafuta ezeka. Huwezi kueleza kuezeka bila kugusa paa, na makuti, na mabati. Akatafuta makuti chini ya M, hayapo, kwa sababu yapo chini ya K, kwenye kuti. Alipoyapata akarudishwa kwenye kuezeka. Chai ikapoa. Mwenyeji huzunguka njia hiyo akifurahia upepo. Anayeanza huzunguka mpaka akasahau alikuwa anatafuta nini.

Kuta ikawa kesi ya pili. Alilitafuta chini ya K akapata kitenzi, kile cha kumkuta mtu. Hapo hakuna kamusi ya kulaumiwa. Kamusi zetu huorodhesha nomino kwa umoja, na umoja wa kuta umeenda kukaa kwenye U. Ndivyo ilivyo kwa funguo na ufunguo, nyuso na uso, na usisahau meno yaliyojificha chini ya jino na macho chini ya jicho. Dalili ilikuwa ileile ya mwanzo: *zi*melowa. Kitu kinachofuatwa na zi- ni nomino ya wingi, haiwezi kuwa kitenzi. Ukikuta neno lenye zi- mbele yake na kamusi inakupa kitenzi, jaribu kuliongezea u- kisha utafute upya.

Ya tatu ni panda, na hapo kamusi zote mbili zilimwonyesha maana zote mbili, kupanda mbegu na kupanda juu, na zote mbili zikanyamaza. Kupanda kunataka kitu: mbegu, mti, ngazi, gari. Mimi sikuandika fundi atapanda nini, kwa sababu paa nilishalitaja na fundi wa mabati hana kazi nyingine. Kwa neno la namna hii kamusi haina msaada zaidi ya kukuonyesha milango miwili. Unayeamua uingie upi ni wewe, kwa kuuliza fundi huyu anafanya kazi gani. Anayesoma maana ya kwanza tu na kufunga kitabu hawezi hata kujua kwamba palikuwa na mlango wa pili.

Siku iliyofuata nikapata ujumbe kwenye simu: "Mzee, nimevuja kidogo. Nitarudi jioni."

Niliinuka kwenye kiti. Kumbe kijana alikuwa amesoma fasili ya kuvuja kwenye kitabu cha Mwalimu. Ukiieleza kwa Kiswahili utasema kitu cha majimaji kinatoka kidogo kidogo penye tundu au ufa. Katika maneno hayo aliyafahamu mawili tu: kutoka, na kidogo. Basi akaelewa kuvuja ni kutoka kidogo, kama kwenda sokoni mara moja. Huu ndio mtego wa kamusi ya lugha moja, na ni mbaya kuliko ule wa mkato kwa sababu aliyenaswa huondoka ana uhakika. Wala si yeye peke yake. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Gildea, waliandika jinsi watoto wa shule wa kwao wanavyofanya vivyo hivyo kwa lugha yao wenyewe: mtoto anachukua kipande cha fasili anachokifahamu, anakitungia sentensi moyoni, kisha anakiondoa na kuliweka neno jipya mahali pake. Sentensi inatoka imenyooka, haina kosa la sarufi, na haina maana hata chembe. Ikiwa mwenye lugha yake anaanguka hivyo, mgeni je?

Fundi wa mabati alimaliza kazi vizuri, akaacha misumari uani kama desturi ya mafundi. Mpangaji wangu, ambaye ameamua kutembea peku ili aizoee ardhi, akakanyaga mmoja. Akaenda zahanati, muuguzi akamwambia lazima arudi jioni apigwe sindano ya pepopunda. Kijana akarudi amekunja uso. Kijikamusi alishakiweka sandukuni kwa agizo la Mwalimu, kwa hiyo akafungua ile nene. Neno alilisikia kwa sikio, akalikata vipande viwili, akatafuta pepo, akatafuta punda. Akaja kwangu taratibu, ananong'ona watu wasisikie: "Mzee, muuguzi anasema nina shetani wa punda. Sindano inamtoa?"

Mwalimu alikuwepo. Akamfungulia neno lenyewe mahali pake, limeandikwa pamoja, akamsomea kwa sauti ya darasani habari za jeraha, misuli na kukakamaa. Kijana akatafuta misuli, akatafuta kukakamaa. Mguu unavuja damu, na hapa kuvuja kulikuwa kwenyewe, yeye yumo kwenye K. Mama watoto akaingia ndani bila kusema neno, akakitoa kijikamusi sandukuni, akaweka kidole penye pepopunda. Mbele yake palikuwa na neno moja la Kiingereza. Kijana alilisoma, akavaa kandambili, akatoka mbio kwenda zahanati. Mwalimu akafunga kitabu chake polepole, akauliza kama chai ipo.

Hapo ndipo mimi na kambi zote tulipoachana. Jina la ugonjwa, la mti, la chombo, la kiungo cha mwili, ni kitu kimoja kwenye dunia chenye jina kule na jina huku. Kwa maneno kama hayo tafsiri ya neno moja ni kamili, na fasili ndefu ni kumchelewesha mgonjwa. Tatizo linaanza kwenye vitenzi vya kupeana na kupokezana, kwenye undugu, kwenye hisia, na kwenye vitu ambavyo sisi tunavigawa vitatu na wao wanavihesabu kimoja. Hapo tafsiri ya neno moja ni mwanzo wa kesi.

Kwa hiyo nimemwekea mpangaji wangu utaratibu, na kwa kuwa nyumba ni yangu, karatasi yake iseme isemavyo, anaufuata. Anayeanza na abaki na kamusi ya lugha mbili, ila achague inayoandika ngeli na mifano, hata kama haiingii mfukoni. Akisoma, atazame kwanza kiambishi cha kitenzi ndipo atafute nomino, na asome maana zote kabla ya kuchagua moja. Akiandika, neno alilopewa upande wa Kiingereza alipeleke upande wa pili akalitafute upya. Kijana angetoka na pangisha, akafungua upande wa Kiswahili, angekuta maana ni kumpa mtu chumba kwa kodi, na angejua si yeye anayekitoa. Ni dakika moja ya kazi, na inakamata makosa mengi ya mkato.

Kamusi ya lugha moja aingoje, na kuna kipimo cha kujua siku imefika. Asiifungue kwenye neno asilolijua. Afungue kwenye maneno anayoyajua vizuri, tuseme kiti, ndizi, kulala, kucheka. Asome fasili zake. Ikiwa maelezo ya kulala yanamkosesha usingizi, basi maelezo ya neno geni yatampoteza zaidi, na kitabu kirudi kwa Mwalimu. Akiona maelezo ya maneno anayoyajua yanateleza, hapo ndipo aanze kupeleka huko vile vitenzi vinavyomsumbua, huku ile ya kwanza ikibaki pembeni kuhakikisha hajavuja.

Na sisi tusimcheke sana. Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza, ametoka shule ya msingi ya Kiswahili ameingia masomo ya Kiingereza, na ananaswa na mitego hiyohiyo kwa upande wa pili. Kwetu ukisema "niazime kalamu" unaomba, ukisema "nimeazima kalamu" umeshapewa. Kitenzi ni kimoja. Kwa Kiingereza anayetoa ana kitenzi chake na anayepokea ana chake, na havifanani hata herufi ya kwanza. Mtoto anatafuta azima, anapewa vyote viwili na mkato katikati, anachagua kwa bahati nasibu. Mwalimu wa zamu anamwona amemwomba mwenzake ruhusa ya kumpa kitu ambacho hana.

Tofauti ni kwamba yeye anayo kamusi ya kweli ya wanafunzi, zile za ukoo wa Hornby na Longman, na kwa vitenzi kama hivyo zitamwonyesha kwa mfano nani anatoa na nani anapokea. Lakini asizifungue mapema kwa kuwa tu jalada limesema ni za wanafunzi. Maneno 2,000 ya kufasilia ni machache kwa mwandishi wa kamusi. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza ni bahari, tena mengi kati yake ni yale maneno mafupi ya Kiingereza yenye maana kumi kumi. Kipimo cha kiti na ndizi kinamhusu naye, na mpaka afaulu, kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi haimtii aibu.

Kwa wale wenye madaraka ya kutunga kamusi za Kiswahili, ombi langu ni dogo. Wageni wanazidi kuja, na lugha tunaipeleka kwenye mikutano ya nchi za watu. Wekeni pembeni kidogo maneno ya mashairi, chagueni maneno yetu 1,500 yanayotumika kila siku, na mtuandikie kwa hayo kamusi ya mgeni, yenye ngeli, yenye mifano, yenye kusema wazi nani analipa nani. Mpaka itoke, anayeanza anunue ya lugha mbili, na anayemwambia aitupe kwanza amtafutie mahali pa kulala.